Kila mtoto ana kasi yake: kosa nililofanya kwenye modeli ya urefu wa watoto

Kama una data ya watoto waliopimwa urefu mara nyingi na unataka kujua wanakua kwa kasi gani, soma hii kwanza, maana mimi nilikosea mahali ambapo modeli haikutoa onyo lolote. Ilikimbia vizuri, majibu yakatoka safi, nikayaandika kwenye ripoti. Aliyenishtua ni mwenzangu aliyeniuliza swali moja tu: hawa watoto wote wanakua kwa kasi moja?

Nilichokua nimefanya ni hiki. Nilijua vipimo vya mtoto mmoja vinafanana kwahiyo siwezi kuvichukua kama vya watoto tofauti, basi nikampa kila mtoto kimo chake cha kuanzia, yaani kuna warefu na wafupi, lakini mteremko wa mstari nikauacha mmoja kwa wote. Mistari yote inapanda sambamba. Kwenye karatasi inapendeza, ila watoto hawakui hivo, mmoja ana kasi na mwingine anaenda taratibu hata kama umri ni uleule.

Ripoti ile siwezi kuiweka hapa, ila tatizo lenyewe utaliona kwenye data ya `Oxboys` ambayo inakuja na pakeji ya `nlme` kwenye R. Ni wavulana 26 wa Oxford, kila mmoja kapimwa mara 9, jumla vipimo 234, urefu uko kwa sentimita. Umri umeshasawazishwa, unaanzia karibu -1 mpaka karibu 1 na sifuri iko katikati, kwahiyo usiusome kama miaka.

```r
library(lme4)
data(Oxboys, package = "nlme")
m1 <- lmer(height ~ age + (1 | Subject), data = Oxboys)
m2 <- lmer(height ~ age + (1 + age | Subject), data = Oxboys)
```

`m1` ndio kosa langu, `m2` inampa kila mtoto mteremko wake. Sasa angalia, mteremko wa wastani kwenye zote mbili ni kama 6.52, haujasogea kabisa, na hapo ndipo mtu anasema basi hakuna tofauti, nibaki na ile rahisi. Angalia kosa sanifu la huo mteremko. Kwenye `m1` ni 0.13 na kwenye `m2` ni 0.34. Yaani modeli rahisi inajiamini mara mbili na nusu zaidi ya inavyostahili, na kama ulikua unalinganisha makundi mawili ya watoto, mfano waliopewa lishe fulani na wasiopewa, unaweza kutangaza tofauti ya ukuaji ambayo haipo.

Sababu ukiielewa haitakutoka. `m1` inadhani kila kipimo kati ya vile 234 kinaleta habari mpya kuhusu kasi ya wastani. Lakini kasi zinatofautiana kati ya mtoto na mtoto, na watoto ni 26 tu, kwahiyo kikubwa unachojua kuhusu wastani kinatoka kwenye kasi 26. `m2` inasema mchepuko sanifu wa mteremko kati ya watoto ni 1.68. Gawa kwa kipeuo cha pili cha 26 unapata 0.33, karibu kosa sanifu lote. Na maana yake kwa anayepanga kukusanya data ni hii: ukiwapima watoto walewale mara 30 badala ya 9 hutashusha hilo kosa kwa maana yoyote, itabidi uongeze watoto. Mimi nilikua nimetumia nguvu nyingi kuongeza ziara kwa watoto wachache, na inaniuma mpaka leo.

Utajuaje kama data yako ina hii shida? Chukua masalio ya `m1`, chora grafu ya kila mtoto peke yake, masalio kwa umri. Kama modeli iko sawa, nukta zitatawanyika bila mpangilio. Kwenye `Oxboys` utakuta mtoto huyu nukta zake zinapanda kama ngazi na yule zinashuka, ile kasi uliyomnyima inatokea kwenye masalio. Ndio maana mchepuko wa masalio kwenye `m1` ni 1.31 na kwenye `m2` unashuka mpaka 0.66, karibu nusu yake, sehemu kubwa ya kilichoonekana kama makosa ya vipimo ilikua ni watoto kukua tofauti.

Alafu ile 1.68 isome vizuri. Kasi za watoto wengi, kama asilimia 95, zitakua kati ya 3.2 na 9.9 hivi, hiyo ni 6.52 ukitoa na kujumlisha mara mbili ya 1.68. Hii sio sawa na wigo wa uhakika wa wastani wenyewe ambao ni 5.9 mpaka 7.2. Ukimwambia mzazi au nesi kwamba mtoto wa kawaida yuko kati ya 5.9 na 7.2 utawatisha watu bure.

Sasa kitu kingine kilichonichanganya muda mrefu, koreleshoni. `m2` inaonyesha 0.64 kati ya kimo na mteremko, na mtu anaandika haraka kwamba watoto warefu wanakua kwa kasi zaidi. Ngoja kwanza. Kimo kinachotajwa ni kimo pale umri ulipo sifuri, na sifuri umeiweka wewe. Sogeza sifuri iwe mwanzoni:

```r
Oxboys$umri0 <- Oxboys$age + 1
m3 <- lmer(height ~ umri0 + (1 + umri0 | Subject), data = Oxboys)
```

Ni modeli ileile, inakaa kwenye data vilevile, lakini koreleshoni sasa ni kama 0.49 na mchepuko wa kimo umetoka 8.1 ukawa 7.1. Kwahiyo usiripoti hiyo namba bila kusema sifuri iko umri gani.

Na hapa ndipo kuna mtego wa mwisho. Siku moja utapata ujumbe `boundary (singular) fit: see help('isSingular')`, yaani mtawanyiko mmoja umefika sifuri au koreleshoni imefika 1 au -1, utauliza watu, watakwambia weka mistari wima miwili, `(1 + age || Subject)`, ujumbe upotee. Hiyo inalazimisha koreleshoni iwe sifuri. Kwenye data hii ingemaanisha tofauti kati ya watoto ni ndogo kuliko kote pale katikati ya umri na wanatawanyika sawasawa pande zote mbili, wakati ukweli ni kwamba mtawanyiko unapanuka njia nzima, kutoka 7.1 mwanzoni mpaka kama 9.2 mwishoni. Kabla hujagusa hiyo mistari, angalia vitu viwili. Kwanza umri umeuweka vipi, maana ukiacha miezi mibichi kwa watoto wa miaka 11 sifuri inakua siku ya kuzaliwa ambako huna kipimo hata kimoja, na koreleshoni inaweza kukimbilia kwenye 1 au -1. Toa umri wa katikati, gawa kwa 12, kimbiza tena. Pili hesabu kila mtoto ana vipimo vingapi. Wakiwa na viwili viwili, mstari wa kila mtoto unapita juu ya nukta zake zote mbili na hakuna kinachobaki cha kupimia makosa, `lmer` yenyewe itakataa. Vitatu itakubali, ila kwa watoto wachache usishangae ule ujumbe ukirudi.