Usaili wa mpokea wageni: weka ratiba mezani, mume na dini viache

Tuchukue kazi moja inayoeleweka. Hoteli ya vyumba thelathini inatafuta mpokea wageni. Kaunta haifungwi usiku wala mchana, na zamu ni tatu: saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, na saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Wapokea wageni ni wanne. Jopo la usaili lina watu watatu, na swali la kwanza la meneja, mara nyingi kabla hata mwombaji hajavuta kiti vizuri, ni hili: "Umeolewa?"

Mwulize meneja pembeni anataka kujua ili iweje. Atasema kuna zamu ya usiku, na waume wengine hawataki. Kumbe hofu yake ni zamu ya usiku, wala si ndoa. Lakini jibu la "ndiyo" halimwambii kama dada huyu atafika saa 4 usiku. Mwenye mume na watoto wanne anaweza kuipenda zamu hiyo kwa sababu nyumbani kuna wa kulala na watoto. Asiye na mume anaweza kuwa analea mama mgonjwa na asiweze kabisa. Meneja ameuliza kitu kimoja, akaandika kingine, na alichokitaka hasa hajakipata.

Kwa Tanzania, jambo hili pia lina sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, miongoni mwake dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia na umri. Wasaili wengi wanadhani kinga hiyo huanza mtu akishasaini mkataba. Sivyo. Kifungu hicho hicho kinamhesabu mwombaji kazi kama mfanyakazi, na kinagusa tangazo, vigezo vya uchujaji na usaili wenyewe. Mwombaji akishaleta ushahidi wa kuonyesha kwamba huenda alibaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubaguliwa unahamia kwa mwajiri. Hapo swali la "umeolewa?" linakuwa gumu kulieleza, hata kama liliulizwa kwa nia njema.

Kwa walio Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inamlinda anayetafuta kazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka hali ya ndoa na majina ya mwenzi na watoto katika kundi la taarifa nyeti. Fomu ya maombi yenye mstari wa "jina la mume/mke" ina tatizo kabla ya mtu yeyote kuulizwa lolote.

Kuna mtego mmoja ambao vitabu vya usaili vya kigeni haviujui: salamu zetu. Mtu mwenye adabu akimpokea mgeni humuuliza, "Habari za nyumbani? Baba watoto hajambo? Watoto je?" Ni heshima tupu, lakini ndani ya chumba cha usaili tayari umeshauliza ndoa na watoto, na mwombaji hawezi kukaa kimya asionekane ana kiburi. Vivyo hivyo "Tukuite dada au mama?" na "Jina hili ni la upande gani?" Usiache kusalimu, badilisha tu unachokijulia hali. "Shikamoo" na "marahaba" ziendelee, kisha uliza safari: "Umefika salama? Umepata tabu kutuona?" Mwambie na katibu anayempokea getini, kwa sababu maongezi ya benchi la nje huwa yanaingia ndani pamoja na chai.

Sasa dawa yenyewe. Kabla ya usaili, chapisha ratiba ya zamu ya wiki mbili, ile halisi inayotumika, na uiweke mezani. Mpe kila mwombaji dakika mbili aisome, mwanamume kwa mwanamke, kisha uliza kwa maneno yale yale: "Hii ndiyo ratiba ya kaunta. Zamu ya usiku inamfikia kila mmoja. Kuna zamu au siku ambayo hutaweza kuifanya?" Akisema anaweza zote, endelea. Akisema ipo, uliza swali moja tu la nyongeza: "Ungependekeza tuipange vipi?" Usimuulize sababu. Kama sababu ni mume, msikiti, kanisa au masomo ya jioni, yeye ndiye anayejua. Wewe unachohitaji ni mtu kaunta.

Hapa ndipo wasaili wengi hushtuka wakisikia "Jumamosi siwezi." Wanaona Msabato, wanaona pengo, wanafunga faili. Hebu tuhesabu kwanza. Zamu 3 kwa siku 7 ni zamu 21 kwa wiki. Watu wanne wakizigawana, watatu wanafanya zamu 5 na mmoja anafanya 6, kwa kupokezana. Kila siku wanahitajika watatu tu, maana yake kila siku kuna mmoja aliyepumzika. Siku ya huyu iwe Jumamosi. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, kwa hiyo Ijumaa mpe zamu ya asubuhi, atoke saa 8 mchana, na arudi Jumapili saa 12 asubuhi kwa zamu ya asubuhi. Amepumzika saa 40 mfululizo, na sheria inataka mapumziko ya wiki ya saa 24. Mwislamu anayekwenda sala ya Ijumaa mpe zamu ya saa 8 mchana siku hiyo. Msikiti ukiwa karibu, anaingia kazini akiwa ameshasali. Dini mbili zimekaa kwenye ratiba moja bila mtu yeyote kuulizwa anasali wapi.

Ukiwa na wapokea wageni wawili tu, hesabu hiyo inaweza kugoma, na ni haki kumwambia mwombaji hivyo waziwazi. Lakini uwe umeipiga kwa kalamu. Na uangalie kosa moja linalojitokeza watu wakianza kubadilishana siku: anayetoka saa 4 usiku asirudishwe saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 8, na mapumziko ya kila siku yanatakiwa yawe saa 12.

Dini yenyewe ni sharti halali mahali pachache, kwa mfano kumtafuta mwalimu wa madrasa au katekista, kwa sababu imo ndani ya kazi. Kwenye kaunta ya hoteli haimo. Kama kuna sare, onyesha sare na sema kama mtandio wa rangi ya sare unaruhusiwa. Kama wapokea wageni huuza bia kutoka friji ya kaunta usiku, sema hivyo kwa wote, kisha uliza kama yapo majukumu kwenye orodha ambayo mtu hataweza kuyafanya.

Ujauzito ndio unaowatoa waajiri jasho zaidi, na ndipo maswali yanapokuwa mabaya zaidi: "Unapanga kuzaa lini?", "Mdogo ana umri gani?", au kipimo cha mimba kuchomekwa kimyakimya kwenye vipimo vya afya. Kwanza, jibu halina thamani: mtu anayetaka kazi atakwambia "bado sana". Pili, sheria yenyewe imeshapanga wakati wa mwajiri kuambiwa: mfanyakazi anatakiwa kutoa taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi 3 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Likizo ni siku 84, au 100 wakizaliwa zaidi ya mtoto mmoja. Kwa hiyo unao muda wa kujiandaa kwa wiki 12. Rudi kwenye hesabu: wakibaki watatu kwa zamu 21, kila mmoja atafanya 7 bila siku ya kupumzika, na hilo haliwezekani. Lazima awepo mtu wa muda. Hoteli inayomfundisha mapema mhudumu mmoja wa vyumba kazi ya kaunta, kuingiza wageni na kufunga hesabu ya usiku, imeshatatua likizo ya uzazi, na imetatua pia siku mpokea wageni mwanamume atakapovunjika mguu kwenye bodaboda.

Ukihofia kazi nzito, ieleze kazi ilivyo: kusimama kaunta muda mrefu, na kupandisha mizigo ghorofa ya kwanza mbeba mizigo asipokuwepo. Uliza wote, "Kuna sehemu ya kazi hizi utakayohitaji kusaidiwa?" Inatosha.

Umri ni mjanja zaidi, kwa sababu huingia na karatasi. Matangazo mengi hudai nakala ya cheti cha kuzaliwa pamoja na maombi, na "ulimaliza kidato cha nne mwaka gani?" ni "una miaka mingapi?" iliyovaa koti. Ukomo wa miaka 45 unaouona kwenye matangazo ya utumishi wa umma ni utaratibu wa huko. Hoteli binafsi ikiunakili, itabidi iwe na sababu yake yenyewe, na kwa kaunta ni vigumu kuiona. Tarehe ya kuzaliwa utaihitaji kwa usajili wa NSSF, baada ya mtu kupata kazi. Kabla ya hapo, ukihitaji kujua kama amefika umri wa kuuza pombe, uliza, "Umetimiza miaka 18?" na uishie hapo. Vyeti akague katibu, jopo lipewe majina na uzoefu tu.

Badala ya "utakubali kuongozwa na kijana?" sema, "Tueleze mara ya mwisho msimamizi alipokupa agizo usilokubaliana nalo. Ulifanya nini?" Badala ya kudhani mtu mzima haiwezi kompyuta, mkalishe mbele ya mashine dakika kumi: aingize mgeni mmoja, abadilishe chumba, atoe risiti. Kijana naye akae hapo hapo.

Kuna wakati mwombaji mwenyewe hufungua mlango: "Nina mtoto wa miezi minne, ila bibi yake yupo." Usiandike, na usimfuate huko. Mwambie "asante, turudi kwenye ratiba", na umuulize swali lile lile uliloliuliza kwa wengine. Kama yeye ndiye anayeuliza kuhusu kunyonyesha, mjibu kwa ukweli: mama anayenyonyesha anaruhusiwa muda usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kwa ajili hiyo. Swali lake lisipunguze wala kuongeza alama.

Alama zenyewe ziwe kwenye karatasi moja kwa kila mwombaji: maswali sita, kila moja alama 0 hadi 5, na pembeni maneno aliyoyasema mwombaji, si maoni yako. Kila mjumbe ajaze peke yake kabla ya mtu yeyote kuzungumza. Bosi akianza kusema "huyu mama ametulia", wengine wawili watafuata. Neno kama "ana majukumu" likionekana kwenye karatasi, mwenyekiti amrudishie aliyeliandika na kumuuliza ni swali la ngapi lililojibiwa hivyo. Karatasi zitunzwe zote, za walioshindwa pia. Mgogoro wa aina hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na wakati huo hakuna atakayekumbuka nani alisema nini kuhusu zamu ya usiku.