Hiyo 12% ni kabla ya mwezi mtupu

"Wakuu, nyumba ya milioni 100 inaingiza kodi milioni 1 kwa mwezi, faida 12%. Nikikopa 60 benki kwa riba ya 14%, miaka 10, inalipa?"

Mkuu hapana, kwa namba hizo hailipi. Hiyo 12 ni kodi ya mwaka mzima bila kukosa hata siku moja, sasa toa mwezi mmoja na nusu nyumba iko tupu maana mpangaji akihama unapaka rangi, unabadilisha vitasa, unasubiri mwingine, unabaki na 10.5. Matengenezo, bima, kodi ya jengo na dalali weka 2.5, umebaki na 8. Rejesho la mkopo huo ni kama 0.93 kwa mwezi, yaani zaidi ya 11 kwa mwaka, kwa hiyo kila mwaka unachomoa 3 na ushee mfukoni kwako.

Jamaa hapo juu anasema mpangaji ndo anakulipia mkopo, yuko sawa nusu tu, riba ingekuwa 6% rejesho lingekuwa kama 8 kwa mwaka na hapo mnatoshana bila chenji. Mimi yangu pampu ya maji ilikufa mwezi uleule mpangaji kahama, na benki haikuniuliza habari za pampu 😅

Kopa 30 badala ya 60, nyingine uongeze mwenyewe, rejesho linashuka hadi 5.6 hivi kwa mwaka. Au kwa hiyo 40 uliyonayo anza na nyumba ndogo bila mkopo. Ila bei ya nyumba ikipanda hesabu inabadilika, hapo sikubishii.