Elfu tano ya ziada niweke wapi?

"Wakuu, kwa matangazo ya Facebook naipata oda kwa 500, ya Google kwa 800. Kila moja naipa 20,000 kwa siku. Nimepata 5,000 ya kuongeza, si niiweke Facebook tu?"

Hapana mkuu, hiyo 500 ni wastani wa hela yote, wewe angalia 5,000 ya juu italeta oda ngapi. Tuseme Facebook oda 40 zimekuwa 44 ulipofika 25,000, wastani bado unapendeza, 568, ila zile 4 za mwisho kila moja imekula 1,250, maana wanunuzi wa karibu ushawafikia na tangazo linawarudia walewale, utaona Frequency, yaani wastani wa mara ambazo mtu mmoja analiona tangazo, inapanda. Google ikitoka oda 25 hadi 31, hizo 6 ni kama 833 kila moja, kwa hiyo hela iende Google japo wastani wake ni mbaya zaidi.

Jaribu kampeni moja moja, kila moja wiki mbili hivi, ukizipandisha pamoja au wakati wa ofa hutojua nini kimeleta nini. Halafu pima tena, Google nayo inafika mahali wanaotafuta bidhaa yako wameisha. Na kama faida yako kwa oda kabla ya tangazo ni 700, hiyo 5,000 usiiweke popote.