Tangazo la kufunga duka la ushoni Sikukuu ya Idi

Kosa linaloonekana kila mwaka kwenye matangazo ya mafundi cherehani wa Unguja ni hili: "Tutafunga Idi, tutafungua baada ya sikukuu." Mteja hajui ni lini, kwa sababu Idi yenyewe inangoja mwezi. Na "baada ya sikukuu" kwa mmoja ni Idi Pili ikiisha, kwa mwengine ni siku ya nne, watoto wakishamaliza kwenda viwanjani.

Tuseme mfungo wa 29 unaangukia Alhamisi tarehe 19. Mwezi ukiandama jioni ile, Idi ni Ijumaa, usipoandama, Jumamosi. Lakini wapo wateja wanaofuata mwezi wa nchi nyengine, na hao wanaweza kusali Idi Alhamisi. Kwa hiyo hesabia Idi ya mapema kabisa: kanzu zote zichukuliwe Jumanne, na Jumatano ubaki nayo kwa kupunguza mikono na kurekebisha shingo tu. Kufungua, hesabia Idi ya mwisho. Ikiwa Jumamosi, siku nne zinaishia Jumanne, basi fungua Jumatano tarehe 25, mwezi uwe umeandama lini. Tarehe hiyo haitabadilika tena, nawe hutakuwa na haja ya kutuma tangazo la pili usiku wa mwezi, wakati hakuna anayelisoma.

Usiandike tarehe za Ramadhani peke yake. 27 ya mteja huenda ikawa 26 yako. Wala usiandike "usiku wa Jumatano". Wazee wataelewa ni usiku wa kuamkia Jumatano, vijana watakuja siku ya pili yake, mlango umefungwa.

Tangazo liwe hivi, tarehe zikitangulia na salamu ikiwa fupi, maana kwenye simu huonekana mistari miwili ya mwanzo tu:

"Assalaam alaykum. Mwisho wa kupokea nguo za Idi: Alhamisi tarehe 5, saa 11 jioni. Mwisho wa kuchukua: Jumanne tarehe 17, saa 4 usiku, baada ya tarawehe. Tumefunga Alhamisi 19 hadi Jumanne 24. Tunafungua Jumatano 25, saa 3 asubuhi. Kuweka nafasi: leta kitambaa, upimwe, na arbuni nusu ya ushoni. Kwa kazi za baada ya Idi, tuma jina, aina ya nguo na siku unayoihitaji. Utajibiwa Jumatano 25 kwa kufuata aliyetangulia kutuma."

Neno "upimwe" lisitoke. Mteja akishaacha kitambaa bila ya vipimo hujiona ameshaweka nafasi, akarudi kupimwa mwisho wa kumi la pili, wakati meza ya kukatia imeshajaa. Daftarini mwandike siku aliyopimwa na kulipa arbuni, si siku aliyoleta kitambaa.

Mteja wa Pemba anayetumiwa mzigo kwa boti mpe tarehe yake mbali, siku tatu kabla ya wengine. Nguo ikimbana, iwahi kurudi.

Tuma mwezi wa Ramadhani ukishaandama, rudia mfungo wa 10.