Saa Ulizokadiria na Saa Ulizotumia: Hesabu ya Mfasiri

Mfasiri akiulizwa mwongozo wa maneno 9,000 utachukua muda gani, mara nyingi jibu lake hutoka kichwani: maneno 300 kwa saa, basi saa 30, ongeza kidogo za kuhariri, tuseme 40. Kazi ikiisha anajua tu kwamba amechoka na kwamba amechelewa siku tatu. Kazi inayofuata anakadiria vilevile, kwa sababu kilichobaki kichwani ni uchovu, na uchovu hauna namba.

Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada walikadiria siku za kumaliza tasnifu zao. Kwa wastani walitaja siku 33.9, wakatumia 55.5. Waliombwa pia kukadiria kama kila kitu kingeenda vibaya, na hata makadirio hayo, siku 48.6, hayakufika. Kwa hiyo kujiambia "safari hii nitaongeza muda wa dharura" hakutoshi. Mtu anapokadiria huitazama kazi iliyo mbele yake, halafu anasahau kwamba kazi tano zilizopita nazo zilitazamwa hivyohivyo. Anachohitaji ni kuwa na hizo tano zimeandikwa.

Anza na makadirio, na uyaandike kabla ya kufungua faili kuanza kazi. Usiandike jumla peke yake. Kazi ya tafsiri ina sehemu tano ambazo tabia zake hazifanani: istilahi, rasimu ya kwanza, kuhariri kwa kulinganisha na matini asilia, mpangilio wa majedwali na picha, na maswali na marekebisho ya mteja. Kila sehemu ipe saa zake, kisha usiziguse tena. Kosa linaloua zoezi zima ni kurudi katikati ya kazi na "kurekebisha" makadirio ili yafanane na hali ilivyo. Mteja akiongeza kurasa, weka mstari mpya wenye makadirio yake na uuite nyongeza. Ukiuchanganya na ule wa zamani, baadaye hutajua kama ulikosea kukadiria au kazi ilikua.

Sehemu tano zinatosha. Ukigawa kazi katika vipande ishirini, utachoka kuandika ifikapo Jumatano. Ukiandika jumla tu, utajua umekosea bila kujua wapi.

Saa zenyewe ziandike pale unapoanza na pale unapoacha. Anayejaza daftari Ijumaa jioni hujaza kumbukumbu, na kumbukumbu hupenda namba za mviringo: saa 2, saa 3, saa 2. Ukiona safu nzima haina hata dakika 25 au 50, ujue imetungwa. Kwenye Excel au Google Sheets, `Ctrl+Shift+;` huweka saa ya wakati huo kwenye kisanduku, kwa hiyo hakuna haja hata ya kutazama ukutani. Daftari la karatasi linafaa pia, ilimradi likae karibu na mkono wa kuandikia.

Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu. Mtu anaanza saa 3 asubuhi na kuandika 3:00, kisha anapomaliza anatazama kona ya kompyuta na kunakili 11:30. Hesabu inampa saa 8 na nusu, kumbe ametumia 2 na nusu tu. Kwa kuwa siku ya saa 8 na nusu inawezekana, kosa halijionyeshi. Chagua saa za kompyuta, za kuanzia 00:00 hadi 23:59, na saa za mdomoni zibaki mdomoni. Wanaofanya kazi usiku wanahitaji pia fomula inayovuka saa 6 ya usiku bila kutoa namba hasi. Ikiwa saa ya kuanza iko safu ya C na ya kumaliza iko D:

```
=MOD(D2-C2,1)*24
```

Kuanzia 22:40 hadi 00:25 itakupa 1.75, yaani saa 1 na dakika 45. Ukiona 18:00 badala yake, fomula haijakosea: kisanduku bado kimepangwa kuonyesha wakati. Kibadilishe kionyeshe namba.

Kuhusu kukatizwa: simu ya dakika 3 iache ndani ya hesabu, maana hata kazi ijayo utapigiwa. Ukinyanyuka kwa zaidi ya dakika 5, simamisha saa. Ila kutafuta neno, kusoma makala ili uelewe sentensi moja, na kumwandikia mteja barua pepe ni kazi, na vyote viandikwe. Wengi huacha kuandika muda huu kwa kuona haya, kana kwamba kazi ni vidole kugonga vitufe tu.

Tuchukue sasa mwongozo wa afya wa maneno 9,000, namba zikiwa za mfano lakini za kawaida kabisa katika kazi hii.

| Sehemu | Makadirio (saa) | Zilizotumika | Uwiano |
|---|---|---|---|
| Istilahi | 2 | 5.5 | 2.75 |
| Rasimu | 30 | 33 | 1.1 |
| Kuhariri | 6 | 9 | 1.5 |
| Majedwali | 2 | 5 | 2.5 |
| Mteja | 1 | 4.5 | 4.5 |
| Jumla | 41 | 57 | 1.39 |

Uwiano ni saa zilizotumika ukigawa kwa saa ulizokadiria. Anayetazama mstari wa mwisho tu ataamua kuzidisha kila kazi ijayo kwa 1.4 na kuridhika. Lakini tazama rasimu, sehemu ambayo kila mfasiri huifikiria anapotaja bei: ilikadiriwa vizuri. Saa zilizozidi ni 16, na rasimu imechangia 3. Zile 13 zimetoka kwenye mambo ambayo wakati wa kukadiria yalionekana madogo. Kwa hiyo mfasiri huyu hana haja ya kujilaumu kwamba ni mzito wa kutafsiri. Tatizo ni kwamba alipima kila kitu kwa idadi ya maneno, ilhali majedwali, istilahi na mteja havifuati maneno.

Hii ndiyo hatua ambayo wengi hawaifikii: kwa kila sehemu, tafuta kile hasa kinachoifanya iwe ndefu, kisha gawa saa kwa hicho. Mwongozo ule ulikuwa na istilahi ngeni 110. Saa 5 na nusu ni dakika 330, basi kila istilahi ilikula dakika 3. Majedwali yalikuwa 14, yaani kama dakika 21 kwa kila moja. Mara nyingi chanzo ni kwamba tafsiri ya Kiswahili imekuwa ndefu kuliko Kiingereza chake, safu haitoshi, na mstari unaruka ukurasa wa pili. Mteja alirudisha kazi mara 3, saa 1 na nusu kila raundi. Rasimu na kuhariri ndizo zinazofuata maneno kweli: maneno 273 kwa saa na maneno 1,000 kwa saa.

Sasa inakuja kazi mpya, kijitabu cha kilimo cha maneno 6,000. Kabla ya kutaja siku, fungua faili na uhesabu: majedwali 30, istilahi ngeni kama 40, na mkataba unaruhusu raundi 2 za marekebisho. Istilahi ni saa 2, rasimu 22, kuhariri 6, majedwali karibu 11, mteja 3. Jumla ni 44. Kama ungechukua saa 57 za kazi ya kwanza na kuzipunguza kwa uwiano wa maneno, ungepata 38 na ungekosa saa 6, zote zimejificha kwenye majedwali. Hesabu ya zamani ya kichwani ingekupa 27 hivi. Kuhesabu majedwali na istilahi huchukua kama nusu saa. Andika hata hiyo.

Saa 44 si siku 5 na nusu. Daftari likiwa la kweli litakuonyesha kwamba siku yako ya saa 8 ina saa 4 au 5 tu za kazi iliyoandikwa, na zilizobaki zimekwenda kwa chakula, foleni, umeme na barua pepe za kazi nyingine. Jumlisha saa za wiki tatu, gawa kwa siku ulizofanya kazi. Ikitoka 4.5, kijitabu kile ni siku 10 za kazi. Kugawa saa za kazi kwa 8 ndilo kosa linalochelewesha kuliko yote niliyotaja, na dawa yake ni kugawanya mara moja tu.

Kazi moja, hata hivyo, haitoshi kuamini. Ukishafikisha nane hivi, weka uwiano wa jumla wa kila moja kwenye safu moja, kwa mfano G2 hadi G9. Tuseme ni 0.9, 1.1, 1.1, 1.2, 1.3, 1.4, 1.6 na 2.6. Wastani wake ni 1.4, lakini umevutwa juu na ile kazi moja ya 2.6, pengine nakala ya skani iliyosomeka kwa shida. Namba ya katikati ni 1.25.

```
=MEDIAN(G2:G9)
=PERCENTILE(G2:G9,0.8)
```

Fomula ya kwanza hutoa 1.25, tumia hiyo kupanga bei, kwa kuwa kazi zinazozidi na zinazopungua zitafidiana kwa kiasi kikubwa. Ya pili hutafuta namba ambayo karibu asilimia 80 ya kazi haziizidi; hapa hutoa karibu 1.5, tumia hiyo kuahidi tarehe, kwa kuwa mteja aliyecheleweshewa leo hafidiwi na mwingine aliyewahishiwa mwezi jana. Ile ya 2.6 usiifute. Iandikie sababu pembeni, na nakala ya skani ikija tena ikadirie kwa hiyo, au omba faili safi kwanza. Na ukishaanza kukadiria kwa istilahi na majedwali, anza safu mpya ya uwiano. Ile ya zamani inapima makosa ya njia uliyoiacha, na ukizidisha saa 44 kwa 1.5 utakuwa umelipia majedwali mara mbili.

Katika ofisi yenye wafasiri kadhaa kuna hatari nyingine. Msimamizi akianza kuuliza mbele ya wenzake kwa nini fulani ametumia saa 9 badala ya 6, wiki inayofuata kila mtu atakuwa ametumia saa 6. Dalili yake ni uwiano wa 1.0 kila mstari huku kazi bado zinachelewa. Daftari la namna hiyo ni bora lisiwepo, maana litaingia kwenye makadirio ya zabuni ijayo likiwa na sura ya ushahidi. Msimamizi apewe jumla za sehemu kwa kazi nzima bila majina, na mistari ya kila siku ibaki kwa aliyeiandika.

Ukibadilisha kifaa cha kazi, kwa mfano ukianza kutumia programu ya kumbukumbu ya tafsiri, viwango vya rasimu na istilahi huanza upya. Kiwango cha mteja hubaki vilevile.