Sumukuvu: kamera au katuni?

"Skripti ya dakika 3 kuhusu sumukuvu, kwa wakulima wa karanga Kongwa. Bajeti ndogo. Nirekodi mwenyewe, katuni au klipu za kununua?"

Karekodi mwenyewe, ndugu. Mkulima anataka kuona mikono ikitandaza karanga juu ya turubai, si kwenye udongo. Kaya moja, siku moja inatosha, ila uwahi mavuno. Yakipita huna cha kurekodi. Wapo wanaoshauri katuni tupu, nao wako sahihi nusu: sumu yenyewe haionekani, hata karanga inayong'aa inaweza kuwa nayo. Hapo weka katuni ya sekunde 20, basi, maana kila sekunde inayochorwa ni hela. Klipu za kununua achana nazo. Nyingi ni za mashamba ya mashine kubwa, Kongwa watasema hayo si ya kwetu. Msimulizi aongee Kigogo au Kiswahili? Hilo waulize wao kwanza.