Kuchuja kwa haraka bila kujidanganya

"Wakuu, wizara inataka mapitio ya ushahidi ndani ya wiki sita na tuko wawili tu. Tukate wapi bila kuharibu kazi, na tukishakata tuandikeje?"

Mkuu, nitakaa zaidi kwenye kuchuja ikisiri, yaani kusoma muhtasari wa kila makala na kuamua ibaki au itupwe, maana ndiko siku nyingi zinakoishia na ndiko nilikoona watu wakikata vibaya.

Mapitio yangu ya kwanza ya namna hii yaliuliza kama ujumbe mfupi wa simu unapunguza wagonjwa wanaokosa miadi. Tulipoondoa zilizojirudia tukabaki na ikisiri 2,100. Kwa utaratibu kamili kila moja husomwa na watu wawili, kila mtu bila kuona uamuzi wa mwenzake. Mwenzangu akapendekeza tugawane nusu kwa nusu. Nikamkatalia, kwa sababu Gartlehner na wenzake walishalipima hilo kwa jaribio la nasibu mwaka 2020: anayechuja peke yake alikosa asilimia 13 ya tafiti zinazofaa, wawili walikosa kama asilimia 3.

Tukafuata njia ya katikati, ile iliyo kwenye mwongozo wa mapitio ya haraka wa 2020 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa mapitio ya tafiti za afya. Angalau asilimia 20 ya ikisiri husomwa na wote wawili, zilizobaki husomwa na mmoja, halafu wa pili anapitia zile tu zilizotupwa. Tulianza na ikisiri 50 za majaribio na tukatofautiana kwenye 9, karibu zote kwa sababu moja: vigezo vyetu havikusema kama miadi ya chanjo inahesabika. Tukavirekebisha siku hiyohiyo. Tungegawana tangu mwanzo, kila mtu angechuja kwa vigezo vyake na tusingejua kamwe.

Tulipomaliza 420 zetu za pamoja, zilibaki 1,680. Nilizisoma mimi, nikabakiza 140 na kutupa 1,540. Mwenzangu alizirudia hizo 1,540 kwa wastani wa nusu dakika kila moja, yaani kama saa 13, siku mbili za kazi. Aliokoa 7, na 2 kati yake ziliingia kwenye mapitio ya mwisho. Mojawapo ikisiri yake yote ilihusu mfumo mpya wa usajili, ujumbe wa simu ukatajwa kwa maneno matano kwenye sentensi ya mwisho. Nilikuwa nimeitupa usiku, nikiwa nimeshachoka.

Kwingine tulikata hivi. Takwimu alizitoa mmoja, mwingine akazihakiki moja baada ya nyingine dhidi ya makala yenyewe. Tathmini ya hatari ya upendeleo nayo ikaenda vivyo hivyo. Wiki ya nne msimamizi alitaka tathmini hiyo tuiache kabisa ili tuwahi, na hapo tukagoma, kwa sababu bila hiyo huwezi kusema jaribio lipi liaminiwe. Badala yake tulipunguza matokeo tuliyoyafuatilia kutoka matano hadi mawili, kabla hatujaona takwimu yoyote. Ukipunguza baada ya kuona namba, unachagua jibu. (Kama unaweza, lifinye swali kabla hata ya kutafuta. Hakuna mkato wa bei nafuu kuliko huo.)

Sasa kuandika. "Mbinu zilirahisishwa kutokana na muda" ni sentensi isiyomsaidia mtu. Sisi tuliandika: "Ikisiri 420 kati ya 2,100 zilisomwa na watafiti wawili, 1,680 zilisomwa na mmoja, na wa pili akapitia zote 1,540 zilizokataliwa, akarudisha 7." Hapo msomaji anaona ulichofanya na anaweza kupima hasara mwenyewe. Kwa lugha tulifanya vilevile: tulisoma Kiingereza pekee, lakini makala 11 za lugha nyingine tuliziorodhesha kwenye kiambatisho badala ya kuzifuta kimyakimya. Itifaki, yaani mpango wa mapitio, iliwekwa OSF, tovuti ya wazi ya kusajili tafiti, kabla ya kutafuta, na yale mabadiliko ya wiki ya nne yakaongezwa na tarehe yake na sababu yake. Usirudi nyuma kuisahihisha ya zamani ili ionekane ulipanga hivyo tangu mwanzo.

Mikato hii iweke pia ukurasa wa kwanza wa muhtasari wa watunga sera, mistari mitatu inatosha. Wao hawafungui viambatisho. Kikaoni afisa mmoja aliisoma mistari hiyo akatuuliza: "Mngepewa miezi sita, jibu lingebadilika?" Tukamjibu kwamba mwelekeo hatukutarajia ugeuke, kwa kuwa majaribio makubwa yote yalielekea upande mmoja, ila ukubwa wa nafuu ungeweza kusogea. Akaomba bajeti ikadiriwe kwa kiwango cha chini cha makadirio yetu, si kile cha katikati.